EPUB kwenye Kindle ya zamani: dalili, chanzo na tiba

Kindle nyingi zinazozunguka huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu, ni zile za zamani zenye vitufe chini ya skrini. Nyingine zimeachwa na wageni, nyingine ni mtumba. Bado zinafanya kazi vizuri, ila zinasoma miundo kama MOBI, PDF na TXT, EPUB haziijui, wakati vitabu ambavyo watu wanatumiana ni EPUB. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili ambazo wateja wanazileta steshenari kwetu Mwanjelwa, nikianza na inayonifikia mara nyingi zaidi.

Programu ninayoitumia ni `calibre`, ya bure. Kuanzia toleo la 6 inataka Windows 10 ya biti 64, kwa hiyo kompyuta ya biti 32 itumie toleo la 5.44. Ukishaisakinisha, fungua Command Prompt ndani ya folda yenye kitabu chako uandike hivi:

```
ebook-convert kitabu.epub kitabu.mobi --output-profile kindle
```

Kazi hiyohiyo inafanyika kwa kitufe cha `Convert books`, lakini mimi napenda amri kwa sababu unaweza kuinakili na kuirudia ilivyo. Na kama kifaa chako kinakubali MOBI, usikimbilie PDF kwa kitabu cha maneno matupu. MOBI inakuacha ukuze herufi utakavyo na maneno yanajipanga upya. PDF ni ukurasa ulioganda.

## Kitabu nimekiweka lakini hakionekani

Kabla ya yote, angalia jina la faili mpaka mwisho. Kisababishi namba moja ni mtu kubadilisha jina kwa mkono, akafuta `.epub` akaandika `.mobi`, akaamini ameshageuza. Hapo ndani hakijabadilika kitu. Kindle ama itaficha kitabu, ama italeta ujumbe wa kushindwa kukifungua. Rudisha jina la awali, kisha geuza kwa programu.

Kinachofuata ni kuchagua muundo usio sahihi. Watu wanaona `AZW3` kwenye orodha ya `calibre`, wanasikia kwamba ni mpya na nzuri, wanaichagua. Kwa Kindle za baadaye ni nzuri kweli. Kindle ya kwanza, ya pili na ile kubwa ya DX haziijui kabisa. Kindle Keyboard ya mwaka 2010 inaisoma ikiwa tu programu yake ya ndani imefika toleo la 3.4. Kama hujui yako ni ipi, chagua MOBI tu, kwa sababu inasomeka kwenye zote hizo.

Baada ya hapo angalia mahali ulipoliweka. Kindle ikichomekwa kwenye kompyuta inaonekana kama flashi, na ndani yake kuna folda ya `documents`. Kitabu kikikaa nje ya folda hiyo, kifaa hakikitafuti. Ukimaliza kunakili, bofya `Eject` kabla ya kuchomoa. Ukichomoa ghafla, unaweza kupata jina la kitabu kwenye orodha na ndani kuna nusu yake, au hakuna kitu.

Kama Kindle yenyewe haitokei kwenye kompyuta, badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi za mezani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Dalili yake ni kwamba Kindle inaonyesha inachaji huku kompyuta iko kimya. Chukua kebo ambayo umewahi kuhamishia picha za simu, ujaribu nayo kabla hujailaumu tundu ya chaji.

Ikibaki, basi angalia EPUB yenyewe. EPUB ni furushi la zip lenye kurasa za maandishi ndani. Nakili faili, badilisha mwisho wa jina la hiyo nakala kuwa `.zip`, ulifungue. Likigoma kufunguka, lilikatika wakati wa kupakua, kwa kawaida ni bando kuisha katikati. Lipakue upya. Likifunguka, ingia folda ya `META-INF`. Ukikuta `rights.xml` humo, mara nyingi kitabu kimefungwa kwa kufuli la muuzaji, na `calibre` itakataa kukigeuza. Ukikuta `encryption.xml` peke yake usiogope haraka, kwa sababu wachapishaji wengine wanaitumia kuficha fonti tu na kitabu kinageuka bila shida.

Kitabu chenye kufuli ndipo mahali pa kusimama. Mwandikie aliyekuuzia, umwambie kifaa chako ni kipi, uombe muundo mwingine au urudishiwe pesa. Tovuti zinazodai zitakifungua ukiwapelekea faili zinakuletea matatizo mengine juu ya hilo, na mimi kazi hiyo siifanyi.

## Nimegeuza kuwa PDF, herufi ni kama sisimizi

Hii ni ya wale ambao kifaa chao kinakubali PDF peke yake, au kitabu chao kina majedwali ambayo MOBI ya zamani inayavuruga. Chanzo karibu kila mara ni kimoja: ukubwa wa karatasi. `calibre` usipoiambia kitu inatengeneza ukurasa wa `letter`, wenye upana wa milimita 216. Skrini ya inchi 6 ina upana wa milimita 91 hivi. Kifaa kinaubana ukurasa mzima uenee, kwa hiyo herufi ya pointi 12 inaonekana kama ya pointi 5. Kuzungusha skrini ilale kunasaidia kidogo, lakini kila ukurasa utaupitia kwa vipande.

Tiba ni kutengeneza ukurasa unaolingana na skrini tangu mwanzo. Pima kwa rula sehemu inayoonyesha maandishi, siyo kifaa kizima. Inchi 6 ya kawaida inakupa kama 90 kwa 120:

```
ebook-convert kitabu.epub kitabu.pdf --custom-size 90x120 --unit millimeter --pdf-default-font-size 16 --pdf-page-margin-left 8 --pdf-page-margin-right 8 --pdf-page-margin-top 8 --pdf-page-margin-bottom 8
```

Usiiache sehemu ya pambizo. Pambizo la kawaida la `calibre` ni pointi 72 kila upande, yaani milimita 25 na ushee. Kwenye karatasi kubwa hulioni. Kwenye ukurasa wa milimita 90, pambizo mbili zinakula 51 na maneno yanabakiwa na 39, safu nyembamba katikati kama tangazo la gazeti. Kwa hiyo ukifungua PDF yako ukaona maneno matatu matatu kwa mstari na weupe mwingi pembeni, ukubwa wa ukurasa umeupatia, pambizo ndiyo umesahau. Pointi 8 ni kama milimita 3, zinatosha, maana fremu ya kifaa yenyewe ni pambizo.

Namba 16 ya herufi ni ya kuanzia. Geuza, fungua ukurasa wa katikati wa kitabu kwenye kifaa chenyewe, kisha panda au shuka mbilimbili. Usiamue kwa kutazama kwenye kompyuta, huko kila kitu kinaonekana kikubwa.

Maneno yakiachana kwa mapengo mapana, hilo ni tatizo ambalo Kiswahili kinalipata kuliko Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "hawakutuambia" lisipoenea mwisho wa mstari linashuka lote, na yaliyobaki yanavutwa yajaze nafasi. Ongeza hili kwenye amri, na upande wa kulia wa maandishi utaachwa bila kunyooshwa:

```
--change-justification left
```

Kama hata baada ya haya yote herufi hazibadiliki ukubwa, shuku kwamba EPUB yako ni picha za kurasa zilizopigwa skani. Ifungue kwenye simu, bonyeza neno moja kwa muda mrefu. Neno lisiposhikika, hakuna maandishi humo, na hakuna amri ya kugeuza itakayoyaumba. Kitabu cha hivyo kisome kwenye simu au kishikwambi.

## Ng'ombe amekuwa "ng’ombe"

Ukiona alama hizi, usianze kugeuza upya kwa kubahatisha. Ile apostrofi iliyopinda, inayokaa ndani ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, kwenye kompyuta inahifadhiwa kwa baiti 3. Programu ikizisoma kwa kanuni ya zamani ya Windows, kila baiti inakuwa herufi yake, ndiyo maana unaona alama 3 mahali pa moja. Kwa Kiswahili kilichoandikwa bila herufi zenye alama juu, hapo kwenye apostrofi na alama za kunukuu ndipo uharibifu unapoonekana, kwingine kote kitabu kiko safi. Kwa hiyo watu hulifumbia macho mpaka wanapofika kwenye mazungumzo ya wahusika, ambako kila mstari una takataka mwanzo na mwisho.

Kipimo ni kufungua EPUB ya awali kwenye simu, kabla ya kugeuza. Kama humo ng'ombe yuko salama, kosa limetokea njiani. Mara nyingi kurasa za ndani zimejitangaza vibaya aina ya maandishi yao, na dawa ni kuilazimisha programu:

```
ebook-convert kitabu.epub kitabu.mobi --output-profile kindle --input-encoding utf-8
```

Kama hata kwenye simu ng'ombe ameharibika, basi aliyetengeneza EPUB ndiye aliyeiharibu na amri hiyo haitasaidia. Fungua kitabu kwa `Edit book` ndani ya `calibre`, nenda kwenye kutafuta na kubadilisha, chagua mafaili yote ya maandishi. Anza na alama ndefu: `’` iwe apostrofi, `“` iwe alama ya kufungua nukuu. Ile fupi, `â€`, ambayo ni ya kufunga nukuu, iache mwisho kabisa. Ukianza nayo utazikata zile ndefu kichwa, kisha hutajua tena mkia uliobaki ulikuwa wa nani. Fanya kazi hii kwenye nakala.

Kuna ndugu wa tatizo hili: badala ya takataka unaona kiboksi kitupu. Hapo kanuni imesomwa sawa, ila fonti ya kifaa haina umbo la herufi hiyo, na MOBI ya zamani haibebi fonti yake. Kwa kitabu cha Kiswahili ipo njia ya mkato:

```
--asciiize
```

Inageuza kila alama ya pekee kuwa ya kawaida iliyo karibu nayo, na apostrofi iliyopinda inanyooka. Kwa kuwa maandishi yetu ya kawaida hayatumii alama juu ya herufi, hupotezi kitu zaidi ya majina ya kigeni kupoteza alama zao. Usiitumie kwa kitabu cha tafsiri ya Biblia chenye maneno ya Kigiriki au Kiebrania. Yatageuzwa kuwa herufi za Kilatini, na mwanafunzi wa theolojia hatakushukuru. Hicho kigeuze kuwa PDF, kwa sababu PDF inabeba fonti zake.

## Kitabu kimefunguka lakini hakina sura

Hili ndilo linalowasumbua wasomaji wa Kiswahili bila wao kujua chanzo. Ukibonyeza kwenda kwenye yaliyomo, hakuna, au kuna mstari mmoja tu. Kitabu cha kurasa 300 unakipitia kwa kitufe cha ukurasa mmoja mmoja.

Sababu ya kwanza ni kwamba EPUB haikuwa na yaliyomo tangu mwanzo. Ikiwa hivyo, `calibre` inajaribu kuyatafuta yenyewe, na hapo ndipo tunapoachwa. Kipimo chake cha kawaida kinatafuta vichwa vya habari vyenye maneno ya Kiingereza kama `chapter`, `part` na `prologue`. "Sura ya Tano" haiijui. Kama vichwa vyako vimewekwa kama vichwa kweli, yaani `h1` au `h2`, mfundishe hivi:

```
--use-auto-toc --chapter "//*[(name()='h1' or name()='h2') and re:test(., 'sura|sehemu|utangulizi', 'i')]"
```

Sehemu ya `--use-auto-toc` ni muhimu. Bila hiyo, EPUB ikiwa na yaliyomo hata ya mstari mmoja uliooza, programu itayaheshimu hayo na kupuuza sura ulizomtafutia.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo, na mfano wake ni kitabu cha mahubiri alichokuja nacho mchungaji mmoja wa Tukuyu. Amri ya hapo juu haikuleta sura hata moja.

"Shikamoo mchungaji. Hiki kitabu kiliandikwa kwa programu gani?"

"Marahaba. Katibu wetu alikichapa kwenye Word, kijana mwingine akakigeuza EPUB kwa simu."

Nilipokifungua kwa `Edit book`, kila kichwa kilikuwa hivi:

```
<p class="p4"><b>SURA YA KWANZA</b></p>
```

Kwa macho ni kichwa cha habari. Kwa programu ni aya ya kawaida iliyokolezwa wino, kwa sababu mchapaji alibonyeza B badala ya kuchagua mtindo wa kichwa. Basi tunatafuta aya zinazoanza na "sura ya". Tatizo ni kwamba aya za mahubiri nazo zinaweza kuanza hivyo: "Sura ya Musa iling'aa aliposhuka mlimani, na watu wote wakaogopa kumkaribia." Ukitafuta maneno hayo tu, uso wa Musa utaingia kwenye yaliyomo. Kinachowatenganisha ni urefu. Kichwa kama "SURA YA ISHIRINI NA TISA" kina herufi 24 pamoja na nafasi, na aya ni ndefu zaidi ya hapo:

```
ebook-convert mahubiri.epub mahubiri.mobi --output-profile kindle --use-auto-toc --chapter "//h:p[re:test(., '^\s*sura ya\s', 'i') and string-length(normalize-space(.)) < 30]"
```

Sura zote zikapanga foleni, kila moja ikaanza ukurasa wake. Kama kwenye kitabu chako jina la sura limeandikwa mstari uleule, mfano "Sura ya Pili: Ndoa na Mali za Familia", pandisha 30 iwe 80 halafu ukague yaliyomo kwa macho.

Yakitokea lakini yamekaa mwisho wa kitabu, hujakosea. MOBI ya `calibre` huyaweka huko. Ongeza `--mobi-toc-at-start`.

## Kinafunguka, lakini kifaa kinaganda au kinajivuta

Angalia ukubwa wa faili kwanza. Riwaya ya maneno matupu kwa MOBI kwa kawaida haifiki hata megabaiti 2. Ukikuta 60 au 80, kuna picha kubwa ndani, na kifaa cha zamani kinahema kuzipakia. `ebook-convert` yenye `--output-profile kindle` inapunguza picha zilingane na skrini, kwa hiyo wengi wanaopata tatizo hili ni wale waliogeuza kwenye tovuti za simu.

Kama umeweka vitabu vingi kwa mara moja, kiache kwenye chaji usiku mmoja. Kinavipitia kimojakimoja kutengeneza orodha ya maneno ya kutafutia, na wakati huo kila kitu kinakwenda taratibu.

Halafu kuna baridi. Makete au Njombe mwezi wa saba, alfajiri, ukurasa unaweza kugeuka polepole na kuacha kivuli cha ule uliopita. Skrini hizi zinafanya kazi kwa chembe za wino zinazoelea ndani ya majimaji, na majimaji yakipoa yanakuwa mazito. Kiweke ndani ya koti kidogo. Usikipashe moto juu ya jiko la mkaa.

## Hapa simama

Kompyuta ikikuambia Kindle inahitaji kufomatiwa ndipo ifunguke, kataa. Chomoa, jaribu kebo nyingine na kompyuta nyingine. Ukikubali, vitabu vyote vilivyomo vinafutika. Vivyo hivyo usirudishe kifaa kwenye hali ya kiwandani kwa sababu ya kitabu kimoja kilichogoma, kifute hicho kitabu kwenye `documents` uone kwanza.

Mgongo wa kifaa ukianza kutuna, au mfuniko umeachia pembeni, betri imevimba. Usikichaji tena, usikibonyeze kirudi. Mpelekee fundi wa simu kifaa kikiwa kimezimwa, na mwambie mapema kuwa ni betri ili asikibane kwenye kishikizo.

Tundu ya chaji inayocheza, fundi mzuri wa simu anaibadilisha. Lakini mistari au pande la skrini lililobaki na picha ya zamani hata baada ya kuzima na kuwasha, hicho ni kioo cha ndani kimepasuka. Kuibadilisha skrini hiyo kunahitaji skrini nyingine ya modeli ileile, kwa hiyo kabla hujalipa uliza kama fundi anayo mkononi, na akikuambia ataitafuta, usimwachie kifaa.